Kola Inayopita Kichwani: Kufunga Ribu kwa Ukingo wa Bomba

Juni na Julai, asubuhi ya Dodoma ni ya upepo mkavu unaopenya nguo. Mji upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mawingu ni machache, na joto la mchana halikai hadi usiku. Mtoto anaondoka nyumbani kwenda shule akiwa amevaa sweta hadi kidevuni. Ikifika saa nne jua limeshakolea, naye anaivua, anaifunga kiunoni au anaisokomeza kwenye begi. Kwa hiyo kola ya sweta ya shule huku uwanda wa kati hupita kichwani angalau mara mbili kila siku ya masomo. Kola ikibana, mtoto huvuta kwa nguvu, na uzi wa ukingo hukatika. Kola ikilegea, inakaa imeachama shingoni na upepo unaingia palepale ulipozuiwa.

Mafundi wengi wakiona kola inabana husema vitanzi vilikuwa vichache, halafu sweta inayofuata wanaongeza vitanzi kumi. Mara nyingi idadi ya vitanzi haina kosa lolote. Ribu yenyewe inavutika vizuri, ila mstari wa mwisho uliofungwa juu yake hauvutiki. Mwongozo huu unahusu mstari huo tu: jinsi ya kuufunga kwa sindano ya kushonea ili uvutike sawa na ribu iliyo chini yake, urudi mahali pake, na usionekane umefungwa.

Kwanza tuelewane majina. Kitanzi kinachoonekana kama herufi V upande unaokutazama nitakiita kitanzi cha uso. Kile kinachoonekana kama kinundu kilicholala nitakiita kitanzi cha mgongo. Ribu ya mojamoja ni uso mmoja, mgongo mmoja, uso, mgongo, hadi mwisho wa safu. Ukigeuza kazi, kila kitanzi hubadilika: kilichokuwa uso upande wa mbele kinakuwa mgongo upande wa nyuma. Kumbuka hilo, kwa sababu safu za maandalizi zinalitegemea.

Sasa tuone kwa nini ufungaji wa kawaida unabana. Ribu huvutika kwa sababu safu wima za uso husogea mbele na zile za mgongo hurudi nyuma, hivyo kitambaa kinajikunja chenyewe. Ukikivuta, mikunjo hiyo inafunguka. Ufungaji wa kawaida, ule wa kufuma viwili na kupitisha cha kwanza juu ya cha pili, unaweka mnyororo wa uzi juu ya mikunjo hiyo yote. Mnyororo huo haujikunji, na urefu wake ni ule uliouachia wakati wa kufunga.

Chukua kola tutakayoifanyia kazi hapa, ya mtoto wa miaka sita hivi ambaye kichwa chake kina mzunguko wa sentimita 52. Mwili wa sweta umefumwa kwa vitanzi 22 katika kila sentimita 10, na shingoni vimeokotwa vitanzi 89. Ukivifunga kwa mnyororo, mnyororo huo utakuwa na urefu wa karibu sentimita 40. Ukiuvuta kwa nguvu utaongezeka kidogo, lakini haufiki 52 bila kuumiza masikio. Ribu hiyohiyo ya vitanzi 89, ikiwa haijafungwa, inafunguka kupita 52 bila shida yoyote. Wapo wanaokwepa tatizo hili kwa kufunga na sindano nene. Kichwa kinapita, ni kweli, ila ukingo unabaki na mawimbi kwa sababu mnyororo sasa ni mrefu kuliko ribu iliyotulia.

Ukingo wa bomba hauna mnyororo kabisa. Vitanzi vya uso na vya mgongo vinatenganishwa kuwa matabaka mawili, moja mbele na jingine nyuma, halafu uzi wa sindano unayaunganisha juu kwa kutengeneza vitanzi vinavyofanana na vya kufuma. Jicho linaona safu wima za uso zikipanda, zinajipinda juu ya ukingo na kushuka upande wa pili. Nenda kwenye mitumba pale soko la Sabasaba, uchukue sweta yoyote nzuri ya mashine, uitazame ncha ya mkono wake. Mara nyingi utakuta ukingo mviringo usio na mnyororo. Mashine hupata ukingo huo wakati wa kuanza kufuma. Sisi tunaupata wakati wa kumaliza, kwa mkono.

Kuhusu vifaa, unahitaji vitu vichache. Kwa ribu ya sweta hii nimechukua sindano za milimita 3, na kwa safu mbili za maandalizi nimechukua za milimita 2.5. Mafundi wanaofuma kwa spoki za baiskeli zilizochongwa ncha wanajua kwamba spoki ya kawaida ni ya milimita 2 hivi. Kama ribu nzima umeifuma kwa spoki na uzi mwembamba, usitafute kitu chembamba zaidi, bali kaza mkono kidogo katika safu hizo mbili. Sababu ya kukaza ni kwamba safu za maandalizi ni za matabaka mawili, na tabaka la vitanzi visivyojikunja hupenda kutanuka. Zikiwa legelege, ukingo utafunguka nje kama mdomo wa tarumbeta hata kama umeshona vizuri.

Sindano ya kushonea iwe butu na yenye tundu kubwa. Mahali ambapo sindano butu ya sufu haipatikani, shazia ndogo iliyonyooka, ile ya kushonea magunia ya alizeti na karanga, inafaa, mradi usugue ncha yake kwenye jiwe mpaka isichome kidole. Ncha kali hupasua uzi. Uzi uliopasuliwa hauwezi kuteleza ndani ya kitanzi, na ukingo usioteleza hauvutiki, hata kama kila hatua umeifuata.

Uzi wenyewe, huku kwetu, kwa kawaida ni akriliki. Kondoo wa uwanda huu wana manyoya mafupi kama ya mbuzi na mkia wa mafuta. Hawatoi sufu ya kusokota. Akriliki ni nafuu na haichakai haraka kwa kufuliwa, lakini ina tabia moja inayotuhusu: ikivutwa hairudi kwa nguvu kama sufu. Ribu ya sufu inaweza kusamehe ukingo uliolegea kidogo, kwa sababu uzi wenyewe unauvuta ndani. Ya akriliki haisamehi. Ndiyo maana ninasisitiza safu mbili tu za maandalizi, wala si nne kama wengine wanavyofanya. Safu nne huleta bomba nene na zuri kwa sufu, lakini kwa akriliki hulegea baada ya kufuliwa mara chache.

Kabla ya kugusa kola, fuma kipande cha majaribio cha vitanzi 21, na ushone kwa uzi wa rangi nyingine. Ukingo utakuwa na mstari wa rangi hiyo, na mstari huo utakuonyesha kila kosa. Ukishona kwa rangi ileile tangu mwanzo, hutajua uzi umepita wapi.

Sasa twende kwenye kola. Bega moja la sweta limeshonwa, la pili bado liko wazi, kwa hiyo kola inafumwa kwa safu za kwenda na kurudi, kisha bega na kola vinashonwa pamoja. Vitanzi ni 89, namba witiri, ili safu ya upande wa mbele ianze na uso na kuishia na uso. Maana yake kuna vitanzi 45 vya uso na 44 vya mgongo. Fuma ribu safu 10, karibu sentimita 3. Unapomaliza safu ya kumi unakuwa umetoka upande wa nyuma, na ukigeuza, upande wa mbele unakutazama.

Hapo pitisha uzi wa akiba. Chukua uzi laini wa rangi nyingine, uupitishe kwa shazia ndani ya vitanzi vyote 89 vikiwa bado kwenye sindano, uache ncha ndefu pande zote mbili. Kazi ikiharibika huko mbele, ribu haitafumuka kupita hapo.

Safu ya kwanza ya maandalizi, upande wa mbele, kwa sindano nyembamba: kitanzi cha uso kifume kama kawaida. Kitanzi cha mgongo usikifume. Leta uzi mbele, kihamishe kitanzi kwenye sindano ya kulia kwa kuingiza ncha kutoka kulia kwenda kushoto ili kisijipinde, kisha rudisha uzi nyuma ufume uso unaofuata. Endelea hivyo hadi mwisho. Geuza. Safu ya pili inafuata sheria ileile bila kubadilisha neno: kinachoonekana uso unakifuma, kinachoonekana mgongo unakihamisha uzi ukiwa mbele. Kwa kuwa vitanzi vyetu ni witiri, upande wa nyuma safu inaanza na mgongo, kwa hiyo kitanzi cha kwanza kabisa unakihamisha.

Safu hizo mbili zimefanya jambo moja. Katika ya kwanza umefuma tabaka la mbele pekee, katika ya pili umefuma tabaka la nyuma pekee. Uzi uliokuwa ukipita mbele ya vitanzi vilivyohamishwa umefichika katikati ya matabaka. Unaweza kulithibitisha: bana ukingo chini ya sindano kwa kidole gumba na cha shahada na uusugue taratibu; utahisi nguo mbili zinazoteleza moja juu ya nyingine. Usipohisi hivyo, kuna mahali uzi ulibaki nyuma badala ya mbele, na matabaka yamefungana. Ukiangalia kwa nje utaona kamba fupi imelala kwenye uso wa ribu. Fumua safu hizo uzirudie sasa, maana ukishaanza kushona itakuwa kazi kubwa.

Kata uzi. Urefu unaotosha ni mara tatu ya upana wa vitanzi ukivipima kama kitambaa cha kawaida, si kama ribu iliyojikunja. Kwetu ni sentimita 40 mara tatu, yaani 120, na uongeze 40 za kushikia na za kuficha mwisho: jumla 160. Kwa mtu mzima wa kimo cha wastani hiyo ni karibu pima moja, mikono ikiwa imenyooshwa pande zote mbili. Usikate zaidi ya hapo kwa kuogopa, kwa sababu kila sentimita ya ziada itapita ndani ya vitanzi vyote 89, na akriliki ikipita sana hufunguka msokoto na kutoa manyoya. Ukiona uzi umeanza kugawanyika, zungusha shazia kati ya vidole mpaka msokoto urudi, kisha uendelee.

Upande wa mbele unakutazama, vitanzi viko kwenye sindano ya mkono wa kushoto, uzi unatoka kulia. Kuna njia mbili tu za kuingia ndani ya kitanzi. Ya kwanza ni kutoka nyuma kuja mbele: ncha inaingia upande wa kulia wa kitanzi, kwa nyuma, na inatokea kwako. Ya pili ni kutoka mbele kwenda nyuma: ncha inaingia ndani ya kitanzi ikitoka kwako na inatokea upande wa pili. Katika maelezo yote yanayofuata, uzi wa kushonea hupita chini ya ncha ya sindano ya kufumia. Ukipita juu yake, utafunga sindano ndani ya kazi na kubaki na kitanzi cha ziada.

Unaanza kwa kuvitayarisha vitanzi viwili vya kwanza. Ingia kitanzi cha kwanza, ambacho ni uso, kutoka nyuma kuja mbele. Vuta uzi, kiache kitanzi kwenye sindano. Kisha zungusha shazia nyuma ya kitanzi hicho, itokee mbele katikati ya cha kwanza na cha pili, halafu uingie cha pili, ambacho ni mgongo, kutoka mbele kwenda nyuma. Vuta uzi, nacho ukiache kwenye sindano. Maandalizi haya hayarudiwi tena.

Sasa mzunguko wenyewe, wenye hatua nne. Mwanzoni soma kila hatua kwa sauti.

Hatua ya kwanza: kitanzi cha uso kilicho mwanzoni, kiingie kutoka mbele kwenda nyuma na ukidondoshe kutoka kwenye sindano. Hatua ya pili: pita mbele ya kitanzi cha mgongo kilichobaki, ukifikie kitanzi cha uso kinachofuata, ukiingie kutoka nyuma kuja mbele, ukiache kwenye sindano, uvute uzi. Hatua ya tatu: rudi kwenye kitanzi cha mgongo, ambacho sasa ndicho cha kwanza, ukiingie kutoka nyuma kuja mbele na ukidondoshe. Hatua ya nne: pita nyuma ya kitanzi cha uso, utokee mbele katikati yake na mgongo unaofuata, uingie mgongo huo kutoka mbele kwenda nyuma, uuache kwenye sindano, uvute uzi. Halafu unarudi hatua ya kwanza.

Ukiitazama vizuri, sheria iliyomo ni moja. Kila kitanzi hutembelewa mara mbili, na mara ya pili ndipo kinapoondoka. Uso huingiwa kwanza kutoka nyuma kuja mbele, na huondoka kwa mbele kwenda nyuma. Mgongo hufanya kinyume chake. Hakuna kitanzi kinachoruhusiwa kudondoka kikiwa kimetembelewa mara moja. Simu ikiita au mtoto akilia ukasahau ulipofika, tazama kitanzi cha kwanza kwenye sindano. Kikiwa uso, hatua inayokuja ni ya kwanza au ya nne. Kikiwa mgongo, umetoka hatua ya kwanza au ya pili. Kisha angalia uzi umetokea ndani ya kitanzi kipi, nawe utajua. Hata hivyo, jizoeze kusimama mwisho wa hatua ya nne tu, wakati uzi uko nyuma na kitanzi cha kwanza ni uso. Hapo hutahitaji kukisia.

Mwisho wa safu unakuja wenyewe. Ukimaliza hatua ya tatu ya mwisho, kinabaki kitanzi kimoja tu, uso wa 45, ambacho kimeshatembelewa mara moja. Kiingie kutoka mbele kwenda nyuma, kidondoshe, na kola imefungwa. Usiufiche uzi huo bado, kwa sababu utautumia kushona pembeni ya kola.

Kinachotenganisha kazi nzuri na kazi mbaya hapa ni mvuto wa uzi, na inafaa tukae nao kidogo. Uzi wa kushonea unatengeneza safu mpya ya vitanzi, basi vitanzi hivyo viwe na ukubwa uleule wa vile vya ribu. Usivute baada ya kila kuingia. Vuta mwisho wa hatua ya pili na mwisho wa hatua ya nne, kwa upole, mpaka kitanzi kipya kikae sawa na jirani yake, kisha uache. Kila baada ya vitanzi kumi hivi, shika sehemu iliyokwisha kufungwa kwa mikono miwili na uivute kwa upana. Kisha vuta ribu ya sentimita mbili chini yake, bado ukiwa umeshika upana uleule wa vitanzi. Zote mbili zifike mahali pamoja. Ukingo ukigota mapema, umekaza. Tumia ncha ya shazia kusambaza uzi kutoka mwisho ulikofika kurudi nyuma, kitanzi kwa kitanzi, ukilegeza kila kimoja kidogo. Uzi upo wa kutosha na unateleza kama haukupasuliwa. Ukingo ukifunguka vizuri lakini ukiuachia unabaki na mawimbi, umelegeza, na dawa ni kufanya kinyume: kuusukuma uzi wa ziada kuelekea mbele mpaka utoke upande wa shazia.

Mawimbi yana chanzo kingine ambacho kulegeza na kukaza hakutibu, nacho ni safu za maandalizi zilizofumwa kwa sindano nene. Namna ya kutofautisha ni kuangalia chini ya ukingo. Kama mstari wa mwisho ni mzuri ila milimita tatu au nne chini yake pamevimba, kosa liko kwenye maandalizi. Hapo fumua hadi kwenye uzi wa akiba uanze tena kwa sindano nyembamba.

Makosa ya njia ya uzi nayo yana alama zake. Kamba fupi iliyolala mbele ya safu wima ya uso inaonyesha kwamba katika hatua ya nne ulipita mbele ya kitanzi cha uso badala ya nyuma. Kitanzi kidogo kinachochungulia ndani ya kola, upande wa shingo, ni mgongo uliodondoshwa ukiwa umetembelewa mara moja. Safu mbili za uso zilizobanana bila bonde katikati zinaonyesha kuwa umeuruka mgongo mzima. Kwa yote hayo dawa ni kurudi nyuma: toa uzi kutoka kitanzi kimoja hadi kingine kwa ncha ya shazia, na ukirudishe kila kitanzi kwenye sindano kabla hujaendelea na kinachofuata. Ni kazi ya subira lakini haina hatari, kwa kuwa uzi wa akiba umeshika chini. Kosa la kitanzi kimoja lililo nyuma ya vitanzi thelathini unaweza kulishikiza kwa uzi mfupi upande wa ndani badala ya kufumua. Kwenye kola ya shule ningeshikiza. Kwenye sweta ya kuuza ningefumua.

Ukiridhika, toa uzi wa akiba kwa kuuvuta upande mmoja. Shona bega lililobaki, uendelee kupanda hadi kwenye kola kwa mshono bapa. Ukifika kwenye ukingo, unganisha kitanzi cha kwanza na cha mwisho kwa mshono mmoja unaofuata mpindo wa bomba. Uzi uliobaki usiufiche kwa kuushona kwenye vitanzi vya ukingo, maana utavikaza. Uingize ndani ya bomba lenyewe, kati ya matabaka mawili, uisukume shazia sentimita tano au sita, uitoe, uvute kola kwa upana ili uzi ujirekebishe, ndipo ukate. Mpime mtoto. Kola ipite masikioni bila kuachia mstari mwekundu, na baada ya muda mfupi ilale shingoni.

Jambo moja linaweza kuharibu haya yote kwa dakika moja: pasi. Akriliki iliyobanwa kwa pasi ya moto, ya mkaa au ya umeme, inapoteza mnepo wake moja kwa moja. Ukingo unalala bapa, unang'aa, na haurudi tena hata ukifuliwa. Kama ukingo haujakaa sawa, lowesha kola kwa maji ya baridi, ikamue ndani ya taulo, ibane ribu kwa vidole mpaka ijikunje, uilaze juu ya mkeka kivulini. Kwa ukavu wa hewa ya huku, kiangazi, haitachukua muda mrefu. Usiitundike kwenye kamba kwa shingo, uzito wa maji utaivuta.

Ribu ya mbilimbili nayo inakubali ukingo huu, kwa kuipanga upya. Kabla ya safu ya kwanza ya maandalizi, katika kila kundi la uso, uso, mgongo, mgongo, badilishana nafasi kitanzi cha pili na cha tatu, uso ukipita mbele na mgongo ukipita nyuma. Mpangilio unakuwa uso, mgongo, uso, mgongo, na mengine yote yanabaki yaleyale. Ukingo wake hutanuka zaidi kidogo kuliko wa mojamoja, kwa hiyo kaza zaidi kwenye maandalizi. Mahali ambapo nguo inatakiwa isivutike, kama mdomo wa mfuko au utepe wa vifungo, usiutumie kabisa. Pale mnyororo wa kawaida ndio unaofaa.

Na kama una sweta iliyofumwa kwa mkono ambayo tayari inabana, si lazima ufume kola nyingine. Tafuta mwisho wa mnyororo, ufumue polepole, na uokote kila kitanzi kwenye sindano nyembamba kabla hakijakimbia. Hesabu vitanzi. Vikiwa shufwa kwenye kola ya safu za kwenda na kurudi, mwisho wa kazi utabaki na mgongo mmoja uliotembelewa mara moja. Uingie kutoka nyuma kuja mbele na uudondoshe. Fuma safu mbili za maandalizi kwa uzi mpya wa rangi inayokaribiana, maana uliofumuliwa umeshajikunja na ni mfupi, kisha ushone kwa uzi huohuo mpya. Tofauti ndogo ya rangi itajificha kwenye mpindo wa bomba.